Anwani ya maneno 45: kipi kibaki, kipi kitoke

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya umahiri katika Kiswahili. Anwani ya tasnifu yangu ni hii: "Kuchunguza Athari za Matumizi ya Misimu ya Makondakta wa Daladala katika Ukuzaji wa Msamiati wa Lugha ya Kiswahili Sanifu Miongoni mwa Wanafunzi wa Shule za Sekondari Nchini Tanzania: Uchunguzi Kifani wa Shule za Sekondari Mbili za Kutwa katika Manispaa ya Temeke Mkoani Dar es Salaam". Nilirekodi mazungumzo ya makondakta stendi ya Mbagala Rangi Tatu nikapata orodha ya misimu, kisha nikasoma insha 120 za kidato cha tatu kuona misimu hiyo imo kiasi gani. Msimamizi anasema anwani ni ndefu na mtu akiitafuta mtandaoni hataipata. Nikate wapi, na inatakiwa iwe na maneno mangapi?*

Marahaba. Anwani yako ina maneno 45, nimeyahesabu. Ila nakuomba usianze na mkasi, maana ukikata neno moja moja utabaki na anwani fupi yenye makosa yale yale. Iweke kando kwanza. Chukua karatasi tupu uandike sentensi moja, kama unavyomweleza mama yako nyumbani kazi uliyoifanya. Kwa maelezo yako, sentensi hiyo ni hii: nimeorodhesha misimu inayosemwa kwenye daladala, nikaitafuta katika insha za wanafunzi wa shule za kutwa huko Temeke. Anwani yako imo humo ndani. Chochote kilichomo kwenye anwani ya sasa lakini hakimo kwenye sentensi hii kina kesi ya kujibu.

Tuanze na neno zito kuliko yote, "athari". Ukisema athari umesema kwamba kitu kimoja kimesababisha kingine, na mtahini atakuuliza uliipimaje. Ili ujibu, ungehitaji kundi la wanafunzi wasiosikia misimu hiyo ulilinganishe na wanaoisikia, au insha za wanafunzi walewale kabla na baada ya jambo fulani. Wewe una insha 120 zilizoandikwa mara moja. Insha hizo zinaweza kukuonyesha kwamba "buku" na "jero" zimo, zimo mara ngapi, na zimeingia katika masimulizi au katika hoja. Haziwezi kukuonyesha kwamba msamiati wa mwanafunzi umekua au umedumaa kwa sababu yake. Kwa hiyo "athari" inatoka, na inaondoka pamoja na "ukuzaji wa msamiati wa lugha ya Kiswahili sanifu", kwa sababu hakuna mahali popote ulipopima ukuaji. Hapo tayari yameondoka maneno mengi, na hatujakata kitu ulichokifanya.

Kipimo ninachokitumia na wanafunzi wangu ni rahisi. Andika anwani kwa wima, neno moja kila mstari, ukiacha viunganishi. Mbele ya kila neno andika namba ya jedwali au sehemu ya tasnifu inayolilipia. Mbele ya "misimu" utaandika sura ya tatu ulipoeleza ulivyoipata, na majedwali ya sura ya nne. Mbele ya "Temeke" utaandika sehemu inayoeleza eneo la utafiti. Mbele ya "Tanzania" utaandika nini? Una shule mbili za manispaa moja. Mwanafunzi wa Newala au Kasulu hakupanda daladala ya Mbagala, na hukwenda kumuuliza. "Nchini Tanzania" ni ahadi ya sampuli ya nchi nzima. Ukiiacha, mtahini wa nje ataanzia hapo.

Neno lililonisumbua zaidi kwenye zoezi hilo ni "makondakta". Umesema "misimu ya makondakta", na hiyo "ya" ni ya umiliki: inadai kwamba maneno hayo ni yao. Lakini "buku" kwa shilingi elfu moja na "jero" kwa mia tano yanasemwa na mama ntilie, na fundi simu, na pengine hata na walimu wa shule hizo hizo wakiwa sokoni. Utajuaje kwamba mwanafunzi aliyeandika "jero" ameitoa kwa konda na si kwa kaka yake? Huwezi kujua. Unachoweza kusimama nacho ni kwamba uliyasikia maneno hayo stendi na ndani ya magari, yakisemwa na makonda, madereva na wapiga debe. Hiyo ni misimu ya daladala. Ukiandika "Misimu ya Daladala" umeondoa maneno mawili, na dai lako limekuwa la kweli zaidi kuliko lilivyokuwa. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa: urefu wa anwani unatokana na dai lililopanuliwa kupita data, na dai likirudi kwenye kimo chake anwani inafupika yenyewe.

Kuna "kuchunguza" mwanzoni na "uchunguzi kifani wa" katikati. Tasnifu zote ni uchunguzi, kwa hiyo hayo hayamwambii msomaji lolote. Na yamekaa mahali pabaya, kwa sababu maneno ya mwanzo ndiyo yanayoonekana pale orodha ya matokeo inapokatiwa kwenye skrini ya simu. Anwani yako ikikatwa itasomeka "Kuchunguza Athari za Matumizi ya Mi…" na msomaji atapita bila kujua kama ni misimu, misemo au mitandao. Vivyo hivyo katika orodha ya maktaba iliyopangwa kialfabeti, utakuwa kwenye K pamoja na wengine wote walioanza na "Kuchunguza". Weka jina la kitu chenyewe mbele. "Misimu" ianze.

Nakubali kwamba yapo maneno ya namna ya utafiti yanayostahili kubaki. Mtu aliyelinganisha shule za kutwa na za bweni aandike "ulinganishi", kwa sababu neno hilo linamwambia msomaji atakuta pande mbili. Wewe hukulinganisha.

Sasa mahali. Temeke ibaki, kwa sababu misimu ya daladala haifanani kila mji, na anayekuja kurudia utafiti wako Mwanza atataka kujua wewe ulikuwa wapi. Ila Temeke peke yake haitoshi kwa msomaji wa Eldoret au Bujumbura, na mipaka yenyewe hubadilika: Kigamboni ilikuwa ndani ya Temeke kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Andika "Temeke, Dar es Salaam" kwa mkato tu. "Katika manispaa ya" na "mkoani" hazihitajiki, koma inatosha. Idadi ya shule na kidato viende kwenye ikisiri.

Neno "kutwa" nilitaka kulitoa, nikalirudisha. Sababu yake ni ya msingi kwenye kazi yako: uliwafuata wanafunzi wanaotoka nyumbani na kurudi kila siku, ambao ndio wanaokutana na daladala. Lakini angalia upatanisho wa ngeli hapa, kwa sababu herufi moja inabadilisha sampuli nzima. Ukiandika "wanafunzi wa sekondari wa kutwa", umesema wanafunzi ndio wa kutwa, na shule inaweza kuwa ya bweni yenye wanafunzi wachache wanaotoka nyumbani. Ukiandika "wanafunzi wa sekondari za kutwa", shule ndizo za kutwa. Wewe ulichagua shule, hukuchagua mwanafunzi mmoja mmoja kwa kumuuliza anafikaje shuleni, kwa hiyo "za" ndiyo yako. Kiswahili kinatupa usahihi huu bila kuongeza neno hata moja, na anwani nyingi ninazoletewa zinaupoteza kwa sababu mwandishi ametundika "ya" na "wa" kwa mazoea, kiunganishi juu ya kiunganishi, mpaka haijulikani kipi kinarejelea nini. Hesabu ya kwako: "athari *za* matumizi *ya* misimu *ya* makondakta *wa* daladala". Vinne mfululizo kabla ya kupumua. Vikizidi vitatu, jua kuna nomino mojawapo isiyofanya kazi. Hapa ni "matumizi": misimu iliyomo kwenye insha imeshatumika.

Tumefika hapa:

"Misimu ya Daladala katika Insha za Wanafunzi wa Sekondari za Kutwa, Temeke, Dar es Salaam"

Maneno 15. Kuhusu swali lako la idadi, mwongozo wa chuo chako ndio wenye neno la mwisho, usome kabla ya kunisikiliza mimi. Utakutana pia na watu wanaotaja kanuni ya maneno 12. Hiyo ilitoka katika mwongozo wa APA, toleo la sita la 2009, na toleo la saba la 2019 liliiacha, likabaki kusema anwani iwe fupi na ya moja kwa moja. Isitoshe, kanuni ile ilitungwa kwa Kiingereza. Sisi tuna "ya", "wa", "za" na "katika" zinazohesabiwa kila moja kama neno kamili, kwa hiyo anwani ya Kiswahili yenye habari ileile huweza kuonekana ndefu zaidi. Mimi nahesabu maneno yenye maudhui tu. Kwako ni misimu, daladala, insha, wanafunzi, sekondari, kutwa, Temeke na Dar es Salaam: manane. Kati ya sita na kumi ninaridhika. Chini ya hapo anwani huanza kufanana na jina la kozi, kama "Misimu katika Kiswahili", ambayo ingeweza kuwa kazi ya mtu yeyote mwaka wowote.

Upande wa kutafutika ndio unaohitaji kazi ya mikono, na ndio uliosahauliwa zaidi kwa lugha yetu. Mitambo ya kutafuta imezoea kujua kwamba maneno fulani ya Kiingereza ni ndugu, umoja na wingi, kitenzi na nomino. Kwa Kiswahili usiitegemee ikufanyie hivyo. Chukulia kwamba inalinganisha herufi tu. Aliyeandika "utumizi" hataonekana kwa anayetafuta "matumizi", na aliyeandika "isimujamii" kwa kuunganisha anaweza kumpotea anayeandika "isimu jamii" kwa kuachanisha. Hivyo kwa kila neno la maudhui jiulize: mwanafunzi mwenzangu wa Dodoma, Zanzibar au Nairobi akitaka kazi kama hii, vidole vyake vitaandika umbo gani? Umbo hilo ndilo la kuweka kwenye anwani, katika tahajia inayotumiwa na wengi waliokutangulia.

Neno "misimu" lina tatizo lake la pekee. Ukilitafuta peke yake utaletewa misimu ya mvua, misimu ya kilimo na misimu ya ligi kuu. Ndiyo maana nimefurahi kwamba "insha" na "wanafunzi" zimo ndani ya anwani yako: zinamwambia msomaji na mtambo kwamba tunaongea habari ya lugha. Usiniamini kwa maneno tu, jaribu mwenyewe. Fungua Google Scholar uandike moja baada ya nyingine:

```
allintitle: misimu daladala
allintitle: misimu insha
"lugha ya mtaani" Kiswahili
```

Amri ya `allintitle:` inaleta kazi ambazo maneno yote uliyoyataja yamo kwenye anwani yenyewe, na alama za kunukuu zinadai maneno yatokee vile vile yalivyoandikwa. Ukipata kazi kadhaa kwenye utafutaji wa pili, zisome anwani zake, kwa sababu hao ndio majirani zako na anwani yako inapaswa kutofautiana nao kwa jicho la kwanza. Usipopata kitu, usishangilie bado. Inaweza kuwa hakuna aliyeandika, na inaweza kuwa walioandika wametumia neno jingine. Utafutaji wa tatu ndio unaotenganisha hali hizo mbili: ukileta makala nyingi zinazozungumzia jambo lako kwa jina la "lugha ya mtaani" au "simo", basi umegundua jina la pili la kitu chako.

Jina hilo la pili usilibandike kwenye anwani. Hapo ndipo wengi huharibu kazi tena, wanaandika "Misimu, Simo na Lugha ya Mtaani" ili wasimkose yeyote. Mahali pake ni maneno muhimu na sentensi mbili za kwanza za ikisiri. Kwako ningeweka: simo, lugha ya mtaani, makondakta, Kiswahili sanifu, kidato cha tatu, Tanzania. Ongeza "Sheng" ikiwa kweli umeijadili kwenye sura ya pili, kwa sababu watafiti wa Kenya wataanzia huko, na "matatu" vivyo hivyo. Usipoijadili, usiitaje. Mtu akifika kwako kwa neno ambalo humo ndani halimo, atafunga faili.

Ikisiri yako ya Kiingereza, kama chuo chako kinaidai, nayo itakuwa na anwani iliyotafsiriwa. Usimwachie mtu wa stesheneri aliyekuchapia. Tafuta istilahi ambayo wataalamu wa lugha ya vijana wanaitumia kwa Kiingereza, ile inayotokea kwenye majarida, na "daladala" iache ilivyo. Ni jina la kitu, na watafiti wa usafiri na wa lugha wanalitafuta hivyo hivyo.

Nikueleze na hili ambalo halihusu maneno ila huizika anwani nzuri. Kuna mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, tulihangaika na anwani yake wiki tatu mpaka ikakaa sawa. Alipomaliza alichapisha tasnifu, ikatiwa sahihi, kisha akaipeleka yote kuskaniwa kuanzia jalada hadi viambatisho, akaipandisha kwenye hazina ya chuo. Kila ukurasa ulikuwa picha. Binadamu aliisoma vizuri, lakini mtambo haukuona hata herufi moja ndani yake. Kwenye fomu ya kupandishia, anwani iliingizwa yote kwa herufi kubwa, na neno moja likakosewa. Mwaka mzima ukiitafuta kwa anwani yake kamili huipati. Tuliipata kwa jina lake yeye.

Wewe skani ukurasa wa sahihi peke yake, uuchomeke ndani ya PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye Word. Namna ya kupima: fungua PDF, weka kidole au kipanya juu ya neno "misimu" kwenye jalada, ujaribu kulichagua na kulinakili. Lisiponakilika, hiyo ni picha. Halafu angalia sifa za faili, sehemu ya jina la hati. Mara nyingi humo huwa na "Document1" au anwani ya pendekezo la mwaka juzi. Ibadilishe. Kwenye jalada, anwani iwe na herufi kubwa kwa umbo kuliko jina la chuo, kama mwongozo unaruhusu, kwa sababu pale taarifa za hazina zinapokosekana, Google Scholar hukisia anwani kwa kutazama maandishi makubwa ya ukurasa wa kwanza. Na siku ya kupandisha, usiiandike upya kwa mkono. Inakili kutoka jaladani.

Kabla ya hayo yote, jambo la utaratibu. Anwani yako ndefu ndiyo iliyopitishwa kwenye pendekezo, na bila shaka ndiyo iliyoandikwa kwenye barua ya utambulisho uliyopeleka kwa Katibu Tawala. Kuibadilisha si dhambi, kwa kawaida inafanyika kwa barua kupitia msimamizi kwenda kurugenzi ya masomo ya uzamili. Ifanye sasa, kabla ya kutoa taarifa ya kuwasilisha, kwa sababu anwani ikitofautiana kati ya fomu na jalada tasnifu hurudishwa. Kwenye barua eleza kwamba eneo na data havijabadilika, na kwamba anwani mpya imepunguza dai ili lilingane na data. Kwa kuwa Temeke na sekondari zimebaki, vibali vyako vya eneo vinaendelea kuihusu kazi ile ile.

Ukija kutoa makala kwenye jarida, usiirudie anwani hii. Makala yatabeba kipande kimoja cha tasnifu. Tuseme umeona misimu ya fedha ndiyo iliyojaa kuliko mingine. Hapo andika "Misimu ya Fedha katika Insha za Wanafunzi wa Sekondari, Dar es Salaam", na kama unapenda kuanza na "Buku na Jero:" sitakuzuia, kwa sababu maneno hayo ni data yenyewe na yupo atakayeyatafuta. Kwenye tasnifu sikushauri. Jalada la tasnifu lina nafasi moja ya mwanzo, na hiyo tumeshampa "misimu".

Nitumie orodha yako ya wima ukimaliza kuandika namba za majedwali. Nataka hasa kuona ulichoandika mbele ya "daladala": kama rekodi za Mbagala zimo kwenye kiambatisho na tarehe zake, neno hilo limelipiwa. Kama umebaki nazo kwenye simu tu, ziandike na kuzitia humo kwanza, ndipo upeleke barua.